INDEX na MATCH: kutafuta mauzo kwa bidhaa na kwa mwezi

> Nina jedwali la mauzo kwenye Excel, bidhaa ziko kushoto na miezi iko juu. Nataka nikiandika bidhaa na mwezi, namba yake itokee. Fomula yangu mara inatoa #N/A, mara inaleta namba ya bidhaa nyingine. Nakosea wapi?

Mkuu, hayo ni makosa mawili tofauti. Anza na hilo la namba ya bidhaa nyingine, maana ndilo la hatari: #N/A unaiona, namba isiyo sahihi inapita kimya hadi kwenye ripoti.

Tuchukue jedwali dogo. A2:A5 kuna Sabuni, Daftari, Betri na Kalamu kwa mpangilio huo. B1:G1 kuna miezi, Januari hadi Juni. Mauzo yako B2:G5. Bidhaa unayoitafuta unaiandika J1, mwezi J2.

```
=INDEX($B$2:$G$5, MATCH($J$1,$A$2:$A$5,0), MATCH($J$2,$B$1:$G$1,0))
```

MATCH haileti mauzo, inaleta nafasi tu. Betri ni ya 3 kwenye orodha yake, Aprili ni ya 4 kwenye yake. INDEX inaingia B2:G5, inashuka hadi mstari wa 3, inakwenda hadi safu ya 4, inasimama E4. Basi, kazi yake imeisha hapo.

Kwa hiyo orodha ya bidhaa lazima ianze mstari uleule ambao mauzo yanaanzia, na miezi ianze safu ileile. Watu wengi huandika $A$1:$A$5 kwa kuwa wameburuta kipanya kuanzia kichwa cha jedwali. Hapo Betri inakuwa ya 4, INDEX inashuka mistari 4 ndani ya B2:G5, na unapewa mauzo ya Kalamu. Dalili yake haifichiki: andika bidhaa ya mwisho kwenye orodha. Kalamu itakuwa ya 5 wakati mauzo yana mistari 4 tu, na utapata #REF!. Kwa upande wa miezi jaribu Juni vivyo hivyo. Ukiona #REF! kwenye bidhaa ya mwisho au mwezi wa mwisho, masafa yako hayajalingana.

Kama masafa yako sawa, angalia ile 0 mwishoni mwa kila MATCH. Ukiiacha, Excel inaweka 1, yaani inachukulia kwamba orodha imepangwa kuanzia A kwenda Z. Yetu haijapangwa hivyo, na ukitafuta Sabuni utapewa nafasi ya 4, ambayo ni ya Kalamu. Miezi nayo haifuati alfabeti, kwa hiyo 0 ni lazima pande zote mbili.

Sasa hiyo #N/A. Usiikodolee macho fomula nzima. Toa kila MATCH iweke kwenye seli yake:

```
=MATCH($J$1,$A$2:$A$5,0)
=MATCH($J$2,$B$1:$G$1,0)
```

Ya bidhaa ikigoma, mara nyingi kuna nafasi tupu nyuma ya jina. =LEN(A4) kwa Betri itoe 5; ikitoa 6, futa hiyo ya ziada.

Ya miezi ikigoma, andika =ISNUMBER(E1). Ikijibu TRUE, kichwa chako ni tarehe iliyovaa sura ya mwezi. Ukiandika Apr 2025, Excel inahifadhi tarehe 1 Aprili 2025, ambayo kwa ndani ni namba 45748, kisha inakuonyesha Apr-25. Wewe unatafuta neno, kule kuna namba, hazitakutana kamwe. Mbaya zaidi ni kuandika Apr-25 kwa mkono: Excel inaweza kuielewa kuwa tarehe 25 Aprili ya mwaka huu, na kutafuta tarehe 1 kutashindikana pia.

Ukitaka kubaki na tarehe, hakikisha vichwa vyote ni tarehe 1 ya mwezi, na J2 uweke tarehe kamili:

```
=DATE(2025,4,1)
```

Ukitaka maneno, kubadilisha muundo wa seli kuwa Text hakutoshi, kwa sababu tarehe iliyokwisha ingia itageuka kuwa 45748 mbele ya macho yako. Weka Text kwanza, halafu andika majina ya miezi upya. Mimi ningechagua tarehe kama jedwali litavuka mwaka mmoja, kwa kuwa neno Aprili likijirudia, MATCH inachukua la kwanza tu na mwaka wa pili hautaufikia.

IFERROR iache hadi ujaribu pembe zote nne za jedwali: Sabuni Januari, Sabuni Juni, Kalamu Januari, Kalamu Juni. Ukiiweka mapema itaificha hiyo #REF! inayokuonyesha kosa lilipo.