Maswali na Majibu: Milenia, Kizazi Z na Mipaka ya Marika

Nilizaliwa Desemba 1996, binamu yangu Februari 1997. Mtandaoni naambiwa mimi ni milenia na yeye ni Kizazi Z. Nani aliyetutenganisha?

Aliyewatenganisha ni Kituo cha Utafiti cha Pew, kilichoko Washington, ambacho mwaka 2018 kiliamua kwamba milenia ni watu waliozaliwa kati ya 1981 na 1996. Sababu zake zilikuwa za Kimarekani: wengi wa kundi hilo walikuwa na umri wa miaka 5 hadi 20 mashambulizi ya Septemba 11, 2001 yalipotokea, kwa hiyo waliweza kuyaelewa na kuyakumbuka, na wengi waliingia utu uzima wakati uchumi wa nchi yao ulipoanguka mwaka 2008. Kabla ya hapo, waandishi wa Marekani William Strauss na Neil Howe, waliolieneza jina la milenia, walianza kuhesabu mwaka 1982 kwa kuwa waliozaliwa mwaka huo wangemaliza sekondari mwaka 2000. Pew wenyewe walikiri kwamba mpaka wao si sayansi kamili bali ni chombo cha uchambuzi. Wewe na binamu yako, ambao nadhani mlikuwa mkicheza kibemasta ua mmoja, hamkutenganishwa na chochote.

Lakini vijana wa leo si wako tofauti kweli na wazazi wao? Wasomi wanagombea nini?

Hakuna anayekana tofauti. Kinachogombewa ni chanzo chake. Tuseme utafiti wa mwaka 2020 umekuta kwamba watu wa miaka 24 wanahama kazi mara nyingi kuliko watu wa miaka 60. Huenda ni umri, kwa maana hata huyo wa miaka 60 alihamahama alipokuwa kijana. Huenda ni wakati, yaani mwaka huo ulimtikisa kila mtu, na vijana ndio walioyumba zaidi. Huenda pia ni malezi ya kundi lenyewe, jambo ambalo litawafuata hadi uzeeni. Tatizo ni kwamba mambo haya matatu yamefungwa kamba moja: ukiujua mwaka wa utafiti na umri wa mtu, mwaka wake wa kuzaliwa umeshaujua, kwa hiyo hakuna hesabu inayoweza kuyatenga yote matatu pasipo mtafiti kuongeza dhana yake mwenyewe. Jina la kizazi huruka kizingiti hicho na kuhukumu kwamba chanzo ni kundi.

Kisha kuna upana. Mmarekani aliyezaliwa 1981 alikuwa na miaka 27 mwaka 2008, pengine ana kazi na deni la nyumba. Aliyezaliwa 1996 alikuwa na miaka 12. Kuwaweka katika safu moja ya jedwali ni kuificha tofauti ambayo huenda ndiyo iliyokuwa ikitafutwa. Mwaka 2021 mwanasosholojia Philip Cohen wa Chuo Kikuu cha Maryland aliwaandikia Pew barua ya wazi, iliyotiwa saini na wataalamu zaidi ya mia moja, akiwaomba waachane na majina hayo. Mwaka 2023 Pew walitangaza kwamba watalinganisha vizazi pale tu wanapokuwa na takwimu za zamani zinazowaonyesha wakubwa walipokuwa na umri uleule.

Hata wale waliozaliwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia hawana mpaka halisi?

Hao wanao, kwa kuwa mpaka wao unaonekana katika daftari za kuandikisha watoto wanaozaliwa: Marekani idadi ya waliozaliwa ilipanda ghafla mwaka 1946, na baada ya 1964 ikashuka. Hata hivyo, aliyezaliwa 1946 aliweza kuandikishwa kwa lazima kwenda Vietnam, na aliyezaliwa 1964 alikuwa mtoto wa miaka 9 uandikishaji huo ulipokoma.

Basi mtafiti makini aweke mpaka wapi?

Auweke panapotokea sababu anayoichunguza. Kenya ilifuta karo ya shule za msingi Januari 2003. Anayetaka kujua matokeo yake huanza na umri wa kuingia darasa la kwanza, miaka 6, na kupata kwamba waliozaliwa kuanzia 1997 hivi ndio wa kwanza kusoma darasa zote bila karo. Aliyezaliwa 1985 alikuwa na miaka 18, na kwa kawaida alikwisha kupitwa. Waliozaliwa katikati walifaidi kwa vipande, na hapo ndipo wengi hukosea: mtafiti hapaswi kuwasukumia upande mmoja kwa nguvu, bali huwahesabia miaka ambayo kila mmoja angekuwa shuleni bila karo, au huwaacha nje ya ulinganisho.

Hata hapo mwaka wa kuzaliwa ni kadirio tu, kwa sababu wengi huchelewa kuanza shule au hurudia darasa. Kimani Maruge wa Eldoret alianza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa, kwa hesabu yake, na miaka 84, na hakuna jedwali la marika ambalo lingemtarajia pale.