Protini ya maziwa: ya mgando na ya maji

"Nikigandisha lita moja ya maziwa kwa ndimu, protini kiasi gani inabaki kwenye jibini na kiasi gani namwaga na maji?"

Maziwa ya ng'ombe, lita moja, yana protini gramu 33 hivi. Takriban gramu 26 ni kaseini, ndiyo inayoganda. Zilizobaki huenda na maji, kwa kuwa ndimu peke yake haizishiki. Ila ukiyapasha maziwa hadi nyuzi 90, yakaribie kutokota, ukayaacha hapo dakika 10 kabla ya kutia ndimu, sehemu kubwa ya hizo nazo hunasa kwenye kaseini.

Kisha angalia maji unapochuja. Yakiwa maangavu, ya kijani-manjano, kaseini imeganda yote. Yakiwa meupe bado, tafadhali usiyamwage! Rudisha motoni, ongeza kijiko cha ndimu, koroga taratibu, subiri dakika 5.