Mteja wa kurasa 300: usitaje bei kabla ya kupima

"Nimepata kazi ya kusoma prufu ya hati ya kurasa 300 hivi. Mteja anataka bei leo leo na tarehe ya kumaliza. Nimwambie nini?"

Mkuu, leo mwombe faili zima, basi. Bei itafuata kesho. Niliwahi kutaja bei ya kazi kama hiyo kwa simu, kwa kila ukurasa, kabla sijaiona. Faili lilipofika, herufi zilikuwa ndogo kama za karatasi ya dawa, mistari imebanana, na nusu ya kila ukurasa ni tanbihi. Ukurasa wake mmoja ulikuwa sawa na kurasa mbili za kawaida, na bei nilishaitaja. Tangu siku hiyo nahesabu maneno, sihesabu kurasa. Ukihesabu kwa Word, fungua Word Count uhakikishe umeweka tiki kwenye "Include textboxes, footnotes and endnotes", la sivyo tanbihi zote utazisoma bure.

Ukishapata idadi, pima. Chagua mwenyewe vipande vitatu vya maneno 1,000: kimoja mwanzoni, kimoja katikati, kimoja karibu na mwisho. Usikubali mteja akuchagulie, maana atakupa utangulizi, na utangulizi huwa umeshapigwa pasi mara kumi. Visahihishe kama kazi halisi huku saa inakwenda. Hati yangu ya mwisho ilikuwa na maneno 120,000. Kipande cha kwanza kilinichukua dakika 20, cha pili 35, cha tatu 50. Huko mwisho mwandishi alikuwa ameshachoka na anakimbia. Jumla dakika 105 kwa maneno 3,000, yaani 35 kwa kila 1,000. Zidisha kwa 120, unapata saa 70. Nikaongeza saa 10 za mzunguko wa pili, ule wa kulinganisha vichwa vya sura na yaliyomo, namba za majedwali, na jina lililoandikwa kwa namna tatu tofauti. Saa 80 mara malipo yako ya saa, hiyo ndiyo bei. Mimi humtajia mteja jumla, simpi hesabu ya saa, maana akiipata ataanza kukuuliza kwa nini leo umesoma polepole.

Kwenye siku ndipo wengi tunajidanganya. Mimi jicho langu linasoma vizuri saa 5 kwa siku; baada ya hapo naona nilichotarajia kuona, si kilichoandikwa. Saa 80 kwa 5 ni siku 16 za kazi. Niliandika 18.

Vile vipande vitatu vina faida nyingine: vinakuonyesha kama kazi ni prufu kweli. Ukijikuta unapangua sentensi au unamuuliza mwandishi "hapa ulimaanisha nini?" kila aya, huo ni uhariri, na una bei yake. Mrudishie kipande kimoja chenye alama zako umuulize: hiki ndicho unachotaka, au zaidi ya hiki? Mteja akisema "sahihisha tu", yeye ana picha yake kichwani na wewe una yako. Karatasi yenye alama inamaliza ubishi huo mapema.

Halafu andika, hata kama ni ujumbe mfupi tu. Wangu ulikuwa hivi:

"Nitasahihisha tahajia, sarufi, uakifishaji na ulinganifu wa maandishi, tanbihi zikiwemo. Sitaandika upya sentensi wala kuhakiki ukweli wa marejeleo. Nafanyia kazi faili ulilotuma Jumatatu. Maandishi yatakayobadilika baada ya hapo yatahesabiwa upya kwa bei ileile ya neno. Siku 18 za kazi zinaanza siku nitakapopokea theluthi ya malipo. Theluthi ya pili ni nikikabidhi nusu ya kazi, ya mwisho kabla ya kukabidhi faili zima. Maswali yangu yajibiwe ndani ya siku mbili. Yakichelewa, tarehe nayo inasogea."

Kile kifungu cha faili usikiache. Siku ya tisa mteja alinitumia sura ya nne mpya, "nimerekebisha kidogo tu". Nikaingia Review, nikabonyeza Compare kati ya ile ya zamani na hii: maneno 6,000 yalikuwa mapya kabisa. Kwa kuwa ilishaandikwa, nilipiga hesabu yangu: dakika 210, yaani saa tatu na nusu. Yeye nilimtumia tu bei ya maneno hayo 6,000 na siku moja zaidi. Akalipa bila maneno.

Akikuambia anaitaka kwa siku 10, usimwahidi kukesha. Siku 10 ni saa 50. Muulize aondoe nini: mzunguko wa pili, tanbihi, au viambatisho. Au akubali msomaji wa pili, na hapo bei inapanda, kwa sababu mmoja wenu lazima apitie yote mwishoni ili sura ya kwanza na ya tisa zisije na tahajia mbili za neno moja.