Usikimbilie kusema "alikuwa na wazimu"

Mama mmoja alifika ofisini kwangu Mombasa asubuhi na mapema, kabla hata karani hajafungua madirisha. Alikuwa na bahasha ya khaki iliyojaa karatasi za hospitali na jambo moja la kuniambia: "Mwambie hakimu mwanangu alipandwa na wazimu. Watamwachilia."

Mwanawe alikuwa mbeba matofali kwenye ujenzi wa ghorofa huko Kisauni. Tofali la saruji lilidondoka kutoka orofa ya pili likampata kichwani. Alikaa chini kidogo, akainuka, akaanza kuelekea langoni. Nyapara akamshika bega kutoka nyuma. Kijana akaokota sepetu akampiga nayo, mkono wa nyapara ukavunjika. Akashtakiwa kwa kudhuru vibaya, kifungu cha 234 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Yeye mwenyewe hakukumbuka chochote tangu chai ya saa nne.

Ushauri wa yule mama ndio ninaousikia karibu kila mara, na ni wa hatari. Sheria yetu ina milango miwili hapa, na watu huidhani ni mmoja. Kifungu cha 9 kinasema mtu hawajibiki kwa tendo lililotokea bila utashi wake. Kifungu cha 12 kinamhusu mwendawazimu, yaani mtu ambaye ugonjwa umemwathiri akili hata asielewe anachofanya, au asijue kwamba hakifai. Ukipita mlango wa kwanza, umeachiliwa, unakwenda zako nyumbani. Ukipita wa pili, mahakama inatoa uamuzi maalum kwamba una hatia lakini ulikuwa mwendawazimu, na unaendelea kushikiliwa. Kwa jinsi kifungu cha 166 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kilivyoandikwa, unakaa huko hadi Rais aamue vinginevyo. Baadhi ya majaji wa Mahakama Kuu wamekitangaza kuwa kinakwenda kinyume cha Katiba, lakini mimi siwezi kumpeleka mteja huko nikitegemea jaji atakayempata.

Mzigo wa ushahidi nao si sawa. Kila mtu anachukuliwa kuwa na akili timamu, kwa hiyo anayedai wazimu ndiye anayetakiwa kuuthibitisha, ingawa kwa kiwango cha uwezekano tu. Anayedai kwamba alitenda bila utashi anahitaji kuweka msingi wa ushahidi, kisha upande wa mashtaka ndio wenye kazi ya kuuondoa bila kuacha shaka. Lakini msingi huo haujengwi kwa neno "sikumbuki". Mlevi naye hakumbuki, na mwongo pia hakumbuki.

Basi mahakama hutofautishaje? Swali kubwa, ambalo tumelirithi kutoka kwa majaji wa Uingereza, ni hili: chanzo cha hali ile kilitoka nje ya mwili au ndani? Tofali limetoka nje. Mtikisiko wa ubongo uliosababishwa na pigo si ugonjwa wa akili kisheria. Kifafa ni cha ndani, kwa hiyo kisheria ni wazimu, hata kama mgonjwa ni mwalimu mwenye akili kuliko hakimu. Kwa wenye kisukari mambo ni ya ajabu zaidi. Mwaka 1973 muuguzi mmoja, Quick, alishinda rufaa yake kwa sababu sukari yake ilishushwa na insulini aliyojidunga, kitu cha nje. Mwaka 1989 Hennessy, ambaye hakuwa amejidunga na sukari ikampanda, aliambiwa hali yake imetoka ndani. Ugonjwa ni uleule. Mimi naona mstari huo umechorwa pabaya, ila ndio uliopo.

Kutembea usingizini ndiko kunakowachanganya hata mawakili. Mwaka 1961, katika kesi ya Bratty iliyotoka Ireland ya Kaskazini, Jaji Denning aliutaja usingizi wa namna hiyo kama mfano wa kutenda bila kujitambua. Lakini mwaka 1991, katika kesi ya Burgess aliyempiga rafiki yake kwa chupa na mashine ya video, mahakama ya rufaa ya Uingereza ilisema chanzo kilikuwa ndani yake, hivyo ni wazimu. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya Kanada ilikubali kuachiliwa kwa Parks, aliyeendesha gari kilomita 23 usiku, akamuua mama mkwe wake na kumjeruhi baba mkwe. Parks aliokolewa na ushahidi wa wataalamu wa usingizi: vipimo vya ubongo, historia ya matatizo ya usingizi katika ukoo wao, na kwamba hakuwa na sababu yoyote ya kuwachukia wakwe zake. Kwa hiyo ukiwa na ndugu anayetembea usingizini na yakatokea ya kutokea, usidhani jibu ni moja, na mtafute mtaalamu wa usingizi kabla ya kumtafuta shahidi wa tabia njema.

Nirudi kwa kijana wa Kisauni, kwa sababu kosa nililifanya mimi. Katika ombi la dhamana niliandika kwamba "akili yake haikuwa sawa" siku ile. Maneno mepesi, lakini ukishaileta akili mahakamani, upande wa mashtaka unaweza kujibu kwamba basi huo ni wazimu, tumpime. Na ndivyo ilivyokuwa. Tulipoteza miezi minne tukisubiri ripoti ya daktari wa akili, ambayo ilisema tu kwamba anaweza kujibu mashtaka. Hali yake ya leo haikuwa na uhusiano wowote na dakika zile tano za pale kwenye ujenzi. Ningeandika "alipata pigo kichwani", basi.

Kilichotusaidia kilikuwa ndani ya bahasha ya khaki tangu siku ya kwanza. Kadi ya zahanati, imeandikwa kwa kalamu ya bluu dakika arobaini baada ya tukio: uvimbe juu ya sikio la kushoto, ametapika mara mbili, anauliza saa ngapi kila baada ya muda mfupi na hakumbuki jibu. Karatasi ya namna hiyo ichukueni siku ileile, pigeni picha, na muandike majina ya waliokuwepo. Baada ya mwezi kadi hupotea na mashahidi wa mjengo huwa wamehamia Mtwapa.

Mwendesha mashtaka aliuliza swali zuri: asiyejitambua anawezaje kuokota sepetu na kumpiga mtu aliye nyuma yake? Daktari akajibu kwamba baada ya mtikisiko wa ubongo mtu huweza kutembea, kusema na kurusha mikono kwa mpangilio, huku hajui yuko wapi. Lakini nadhani hakimu alisikiliza zaidi maneno ya nyapara mwenyewe, mtu mwenye haki ya kukasirika. Alisema kabla ya kupigwa alimsikia kijana akimwita kwa jina la mfanyakazi aliyeacha kazi mwezi uliotangulia, akimdai chakula chake cha mchana.

Aliachiliwa. Tukikutana mjini hunisalimia vizuri, kisha huniuliza kama nina uhakika ile sepetu aliiokota mwenyewe.