Dakika tano za kwanza na shairi usilolijua

"Wadau, kwenye karatasi ya tatu nikikutana na shairi ambalo sijawahi kuliona nabaki nimeduwaa. Dakika tano za kwanza nifanye nini hasa?"

Karatasi ya fasihi ya KCSE ina saa 2 na dakika 30 kwa maswali manne ya alama 20 kila moja, kwa hiyo shairi lina kama dakika 37. Ukitenga tano za kupanga, zinabaki zaidi ya thelathini za kuandika. Zinatosha.

Anza na maswali, shairi liache kwanza. Kwa nusu dakika hivi, zungushia duara neno la amri (taja, eleza, bainisha, andika kwa lugha nathari) pamoja na alama zake. Ukiona uhuru wa mshairi umeulizwa kwa alama tatu, unajua mapema kwamba utasoma ukiwinda maneno yaliyofupishwa. Anayeanza na shairi hulisoma bila kujua anatafuta nini, kisha hulazimika kulisoma upya kwa kila swali.

Sasa lisome lote mara moja, kalamu ikiwa chini. Jiulize mawili tu: nani anasema, na nini kimempata. Tuchukue ubeti huu nilioutunga kwa ajili ya mfano:

Shamba hili la babangu, leo lina mwenye mali,
Nalima kwa jembe langu, wavuna wasiojali,
Naitwa mgeni kwangu, hodi napiga kwa mbali,
Mchwa kajenga chuguu, nyoka ndiye mwenye nyumba.

Anayesema ni mtu aliyepokonywa shamba la babake na sasa analilima kwa faida ya wengine. Andika hivyo pembeni kwa penseli. Ukiandika "nafsineni ni mshairi" hujajibu kitu, na ukiandika "ni mkulima" umefika nusu ya njia. Maudhui nayo si kilimo, ni unyonyaji, na ushahidi uko kwenye kibwagizo: mchwa ndiye mlimaji, nyoka ndiye mwenye mali. Hapa ndipo wengi huteleza. Wakitakiwa kuandika ubeti kwa lugha nathari huwaacha mchwa na nyoka walivyo, ilhali picha hiyo inatakiwa kufumbuliwa: aliyetoka jasho siye anayefaidi. Kibwagizo kisipoeleweka mara ya kwanza, kitilie alama ya kuuliza uendelee. Beti za mbele mara nyingi hukifungua.

Usomaji wa pili ndio wa penseli, na upe dakika mbili kamili. Hesabu mishororo ya kila ubeti, kisha mizani ya mshororo mmoja wa ubeti wa kwanza na mmoja wa ubeti wa mwisho. Usihesabu shairi zima, dakika zitayeyuka. Angalia pia kituo cha kila ubeti: kikiwa kifupi kuliko mishororo mingine, hilo ni msuko. Vina vitazame katika beti mbili au zaidi. Hapa tuna -ngu na -li, lakini kwa ubeti mmoja huwezi kusema ni ukaraguni au mtiririko. Vikibadilika ubeti hadi ubeti ni ukaraguni, visipobadilika ni mtiririko, na kipande kimoja kikibadilika huku kingine kikidumu ni ukara.

Kwenye uhuru wa mshairi, jaribu kulirudisha neno katika hali yake ya kawaida, kisha uhesabu. "Shamba hili la baba yangu" lina mizani 9. "Babangu" imelirudisha kwenye 8. Vivyo hivyo "wanavuna wasiojali" ni 9, na "wavuna" imepunguza mmoja. Hiyo ni inkisari, na sababu yake ni kutosheleza mizani. Lakini tazama "hodi napiga kwa mbali". Ukiligeuza liwe "napiga hodi kwa mbali", mizani inabaki 8 na kina ni kilekile. Sarufi imeborongwa kweli, ila ukidai ni kwa ajili ya mizani au vina, mtahini atahesabu na kukukata. Chagua mfano unaojithibitisha wenyewe.

Dakika ya mwisho, usianze insha. Mbele ya kila swali andika neno moja la jibu na nambari ya ubeti na mshororo wa mfano, kama "inkisari, 1:1, 1:2". Ukiona swali lina alama nne na una hoja mbili, rudi kwenye shairi sasa hivi, wakati bado li moto kichwani.

Likiwa shairi huru, ruka vina na mizani kabisa. Dakika hizo mbili zitafute takriri, mistari mishata, na mahali ambapo mshororo umekatwa ghafla, kisha uulize ni neno gani limeachwa peke yake pale na kwa nini.