Kabla hujaamini jumla, itazame faneli

Katika mapitio ya kimfumo niliyofanya kwa mara ya kwanza nilikuwa na tafiti nane. Nikaendesha jaribio la Egger, linalopima kama grafu ya faneli imepinda upande mmoja, thamani ya p ikazidi 0.05, nikaandika kwamba hakuna dalili ya upendeleo wa uchapishaji, yaani hakuna dalili kwamba tafiti zisizovutia zimeachwa bila kuchapishwa. Mhakiki alinirudishia ule mswada na swali moja: je, faneli yenyewe umeitazama? Sikuwa nimeitazama. Kwa tafiti zisizofika kumi jaribio lile halina nguvu, kwa hiyo kimya chake si ushahidi wa chochote.

Tangu hapo, kila anayenijia na mapitio yake ya kwanza namwanzisha na magnesiamu.

Mwaka 1991 zilijumlishwa tafiti saba za kuwapa wagonjwa wa mshtuko wa moyo magnesiamu kupitia mshipa. Waliopewa dawa walikuwa 657, wakafa 25. Wasiopewa walikuwa 644, wakafa 53. Uwiano wa odi ulikuwa kama 0.44, yaani vifo vilipungua kwa zaidi ya nusu, tena kwa dawa ya bei rahisi. Mwaka 1995 yakaja matokeo ya ISIS-4, utafiti wa wagonjwa 58,050. Katika wiki tano walikufa 2,216 upande wa magnesiamu na 2,103 upande wa pili. Faida haikuonekana.

Nusu nzima ya vifo ilipotelea wapi? Chukua kalamu tukokotoe. Tuseme, kwa mfano tu, kuna tafiti tano zilizobaki kabatini bila kuchapishwa, kila moja ina wagonjwa 60 kila upande: wanne wamekufa kwenye dawa, watatu kwenye kundi la kulinganisha. Utafiti wa namna hiyo haumshtui mtu, na mwenyewe huona hauna la kusema. Ukiuongeza ule mzigo wote kwa kujumlisha kienyeji, unapata vifo 45 kati ya 957 dhidi ya 68 kati ya 944. Uwiano unapanda kutoka 0.44 hadi 0.64. Wagonjwa 600 tu, na sehemu kubwa ya ile faida imeyeyuka. Vifo vyote vya mwanzo vilikuwa 78, ndiyo maana vichache vilivyofichwa vinatikisa jumla.

Kwenye grafu ya faneli, kila utafiti ni nukta: matokeo yamelazwa kwenye mhimili wa chini, kosa sanifu limesimamishwa wima, tafiti kubwa zikiwa juu. Tafiti ndogo hutawanyika chini pande zote mbili, kwa sababu bahati inazirusha kushoto na kulia. Kona moja ya chini ikiwa tupu, uliza nani hayupo. Data ya magnesiamu unaipata katika R ukipakia kifurushi cha metafor, ijaribu mwenyewe:

```r
library(metafor)
dat <- escalc(measure="OR", ai=ai, n1i=n1i,
              ci=ci, n2i=n2i, data=dat.egger2001)
rma(yi, vi, data=dat, method="EE")
re <- rma(yi, vi, data=dat)
funnel(re, atransf=exp)
```

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Modeli ya kwanza, ya athari moja, inatoa jibu lililo karibu na 1, kwa kuwa ISIS-4 imebeba karibu uzito wote. Ya pili, ya athari nasibu, bado inasema dawa inaokoa watu wengi. Tumezoea kuiona athari nasibu kuwa ndiyo njia ya tahadhari, lakini inagawa uzito kwa usawa zaidi, na hivyo inazipa sauti tafiti ndogo. Zikiwa ndizo zilizochujwa, kosa unalikuza. Modeli mbili zikiachana hivyo, usichague inayokupendeza. Ziripoti zote mbili, na useme kwa nini zimeachana.

Faneli iliyopinda pia si hati ya mashtaka. Tafiti ndogo huenda zilichukua wagonjwa mahututi zaidi, au zilifanywa kwa ulegevu. Kwa magnesiamu, wengine walihoji kama ISIS-4 haikuchelewa kutoa dawa. Chora mipaka ya umuhimu wa kitakwimu juu ya faneli: pengo likiwa kwenye eneo la matokeo yasiyo na umuhimu, shuku uchapishaji. Likiwa kwenye eneo la yale yenye umuhimu, tafuta sababu nyingine.

Kisha nenda kwenye sajili za majaribio ya tiba. Mimi hupitia ClinicalTrials.gov na sajili ya Afrika, PACTR, nikiorodhesha majaribio yaliyokamilika bila makala, halafu nawaandikia wenyewe barua pepe. Wengi hawajibu. Mmoja alinijibu siku hiyohiyo na jedwali la Excel: utafiti ulimalizika, tofauti haikuonekana, majarida mawili yalikataa, akaacha. Nukta yake iliangukia palepale palipokuwa patupu.