Watu wa Moshi wamelichoka tangazo lako, au wameisha?

Maduka mengi ninayoyasimamia matangazo hapa Moshi yana kawaida moja: tangazo likishaanza kuleta wateja, mwenye duka hataki liguswe. Linaachwa miezi mitatu, minne. Meseji za WhatsApp zikipungua, lawama zinaanza: Facebook wamebana, bajeti ni ndogo, watu hawana hela. Huenda kweli hawana. Lakini kabla ya kuongeza bajeti, fungua Ads Manager usome safu mbili, Reach na Frequency, kisha uzipange upya, maana zilivyokaa pale zinaficha mambo.

Reach ni idadi ya akaunti zilizoliona tangazo angalau mara moja. Impressions ni mara zote lilizoonekana. Gawanya ya pili kwa ya kwanza, unapata Frequency, yaani kwa wastani kila mtu ameliona mara ngapi. Ukiacha tarehe kwenye Maximum, hesabu hiyo inachukua tangu siku ya kwanza ya kampeni. Mteja wangu mmoja wa sofa aliona 6.2 akashtuka, akataka tuzime kila kitu. Nikamwambia 6.2 kwa miezi miwili haisemi lolote peke yake. Anayewaza kununua sofa anaweza kuliona tangazo mara sita kabla hajaandika, na hakuna ubaya. Tunachotaka kujua ni wiki hii anaonyeshwa nani.

Kampeni yenyewe ilikuwa hivi, namba nimezikata kidogo zisomeke vizuri. Shilingi 15,000 kwa siku, lengo ni meseji za WhatsApp, eneo ni Moshi mjini na pembezoni mwake, tangazo moja lenye picha tatu za sofa. Nenda Breakdown, chagua Time, kisha Week, upate kila wiki peke yake. Wiki ya kwanza tangazo lilionekana mara 30,000 kwa watu 15,000, yaani marudio 2. Wiki ya nane lilionekana mara 29,000 kwa watu 9,000, marudio 3.2. Hela ni ileile, watu wamepungua, na waliobaki wanapigwa zaidi.

Hatua inayofuata ndiyo naona wengi wanairuka. Usijumlishe Reach za wiki zote, kwa sababu mtu aliyeliona wiki ya kwanza na ya pili amehesabiwa mara mbili. Weka tarehe kuanzia siku ya kwanza hadi mwisho wa wiki ya saba, andika Reach. Kisha kuanzia siku ileile hadi mwisho wa wiki ya nane, andika tena. Tofauti ni watu wapya wa wiki ya nane. Kwenye kampeni hii ilikuwa 37,400 halafu 38,000. Watu wapya 600 tu kati ya 9,000 waliofikiwa wiki hiyo! Wiki ya nne, kwa hesabu hiyohiyo, wapya walikuwa 4,500 kati ya 13,000. Reach ni makadirio, na mwenye akaunti mbili zisizounganishwa anahesabiwa kama watu wawili, kwa hiyo usigombane na tofauti ndogondogo. Ila kutoka theluthi moja hadi chini ya kumi kwa mia si tofauti ndogo.

Kumbuka pia kwamba 3.2 ni wastani. Watu 6,000 wanaweza kuwa wameliona mara moja tu, na 3,000 waliobaki wakabeba mara 23,000 zilizosalia, karibu mara nane kila mmoja ndani ya wiki moja. Wastani hautabadilika, utabaki 3.2. Hao wa mara nane ndio wanaokuja kwenye komenti kuandika "sofa zenu tumeshazikariri." Komenti za namna hiyo mimi nazihesabu, na wanaolificha tangazo bila kusema neno nadhani ni wengi zaidi.

Sasa, je, hii ndiyo iliyoshusha meseji? Gharama ya meseji moja ilipanda kutoka 1,500 hadi 3,000, na kuna njia tatu gharama inaweza kupanda. Ya kwanza ni soko: washindani wakiongezeka kwenye mnada wa nafasi za matangazo, gharama ya kuonekana mara elfu moja, ile CPM, inapanda. Yetu ilitoka 3,500 hadi 3,620, karibu haikusogea. Ya pili ni duka lenyewe: bei, au kuchelewa kujibu. Wiki ya kwanza, kati ya kila watu 100 waliobonyeza, karibu 15 waliandika meseji. Wiki ya nane, bado karibu 15. Kwa hiyo aliyebonyeza hakuwa na tatizo na duka. Iliyobaki ni hao wanaobonyeza: CTR ya kiungo, yaani kati ya mara 100 tangazo linapoonekana linabonyezwa mara ngapi, ilishuka kutoka asilimia 1.6 hadi 0.8. CPM ikitulia, CTR ikianguka, na watu wapya wakikauka, hapo ndipo naita uchovu. Marudio yakipanda huku CTR imesimama, acha tangazo lifanye kazi.

Bado hujajua kilichochoka ni picha au ni mji. Nilijua kwa kugawa bajeti katikati kwa wiki mbili, kwenye seti mpya mbili za matangazo badala ya kuigusa ile ya zamani. Tangazo lilelile lilipelekwa Arusha, ambako halijawahi kuonyeshwa. Moshi ikapewa video mpya ya fundi akivalisha kitambaa. Arusha CTR ilirudi 1.5, meseji kwa shilingi 1,600. Moshi video ilifika 1.0, meseji kwa 2,400. Picha zilikuwa nzima, basi. Video ilisaidia kidogo, lakini mzigo mkubwa ulikuwa kwamba watu wa Moshi ambao mfumo ulikuwa unawachagua walikuwa wameisha. Mwenye duka akahamishia sehemu kubwa ya hela Arusha, baada ya kupiga hesabu ya kirikuu cha kupeleka mzigo kilomita 80.

Jaribio kama hili lina mipaka. Seti mpya inaanza upya kujifunza, na Facebook inataka matokeo kama 50 kwa wiki ili itulie. Kwa bajeti hii hatukufika, iliandika Learning limited muda wote, na siku moja meseji zilikuwa mbili, kesho yake nane. Ndiyo maana sikuamua chochote kabla ya wiki mbili kwisha. Na usitafute pa kuweka kikomo cha marudio kwenye kampeni ya meseji. Hicho kipo kwenye kampeni za Awareness zinazolenga Reach.

Kwa hapa Kilimanjaro kuna jambo la ziada. Mpangilio wa eneo unahesabu wanaoishi Moshi pamoja na waliopita Moshi karibuni. Desemba Wachagga wanapanda nyumbani kutoka Dar na kwingineko, na tangazo lililochoka linapata watu wapya ghafla. Reach ya wiki inapanda, Frequency inashuka, CTR inafufuka, wala hujabadilisha kitu. Wakishuka Januari, namba zinarudi zilikokuwa. Kwa hiyo ukipima uchovu Januari, linganisha na Novemba, Desemba iruke.